Faili la Benki Linakukumbuka Ulivyokuwa

Leo nataka tuzungumze juu ya akaunti ya benki iliyolala, na namna ya kuiamsha kwa safari moja. Nasema kutoka Mwembe Tayari, Mombasa, hapa mabasi ya bara na ya Tanzania yanaposhusha watu, na hapa pia matatu za kutoka Kisauni, Changamwe na kwingineko zinapomwaga wenye shughuli mjini. Ukitembea kutoka hapa kuelekea Digo Road, kisha ukashika Nkrumah Road au Moi Avenue, utapita milango ya benki karibu zote za nchi hii. Na ukisimama mlangoni mwa yoyote kati ya hizo kama saa tano ya asubuhi, utawaona watu wakitoka na bahasha ileile waliyoingia nayo. Wameambiwa, "Rudi na karatasi fulani."

Inaniuma kila nikiona, kwa sababu mtu aliyevuka feri kutoka Likoni amelipa nauli, ameacha biashara au amemwachia jirani watoto, na mara nyingi karatasi aliyotumwa alikuwa nayo nyumbani, ndani ya kabati.

Basi tumchukue dada mmoja wa mfano. Sitampa jina, maana wako wengi wa hali yake hapa Mombasa. Mwaka 2015 alifungua akaunti ya akiba katika tawi moja la mjini. Mwaka 2019 akaenda Ghuba kufanya kazi. Mwanzoni alikuwa akiweka pesa humo kutoka kule, na mara ya mwisho aliweka mwezi wa tatu, mwaka 2021. Baada ya hapo pesa zote akawa anamtumia mamake kwa simu. Mwaka 2025 akarudi, akitaka mambo matatu: akaunti iamke, namba yake mpya ya simu iandikwe, na apate kadi mpya ya mashine, kwani ile ya zamani imekwisha muda wake.

Kabla hajavaa buibui atoke, kuna hesabu moja ya kufanya, nayo ni ya miaka. Benki hazina muda mmoja wa kuhesabu kwamba akaunti imelala. Zingine ni miezi sita, zingine mwaka. Hapo akaunti inafungiwa tu: pesa zimo, lakini hazitoki mpaka mwenyewe ajitokeze. Lakini kuna kizingiti kingine kikubwa zaidi. Kenya ilitunga sheria mwaka 2011 juu ya mali za fedha zisizodaiwa, ikaunda mamlaka inayojulikana kwa kifupi UFAA. Kwa sheria hiyo, akaunti ya benki ambayo mwenyewe hajaigusa wala kuwasiliana na benki juu yake kwa miaka mitano huhesabiwa kuwa haijadaiwa, na benki inatakiwa kuzikabidhi pesa hizo kwa mamlaka. Na ukumbuke, riba ambayo benki imekuongezea au ada iliyokukata haihesabiwi. Anayehesabiwa ni wewe mwenyewe.

Dada yetu aligusa akaunti mara ya mwisho mwezi wa tatu 2021. Mpaka 2025 ni miaka minne na kitu. Kwa hiyo pesa zake bado ziko benki, na mahali pa kwenda ni benki. Lau angeacha kuweka tangu siku aliyopanda ndege mwaka 2019, miaka mitano ingetimia 2024, na safari ya kwenda kuamsha akaunti ingeweza kuwa ya bure. Hapo angehitaji kudai kwa UFAA, na dai hilo halina ukomo wa miaka wala halitozwi ada. Mtu anaweza kutafuta kama jina lake limo kwenye tovuti yao, ufaa.go.ke, au kwa kubonyeza *361# kwenye simu. Akijitokeza mtu nje ya ofisi akikwambia atakutolea pesa hizo kwa asilimia fulani, mpite.

Haya, dada yetu amejua ni benki. Sasa niseme jambo ambalo naona ndilo kiini cha yote. Unapofika kwenye dawati, mhudumu hakutazami wewe peke yako. Anafungua kwenye kompyuta picha yako ya siku uliyofungua akaunti: jina jinsi lilivyoandikwa, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sura yako, na saini yako. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha, ya mwaka 2009, inamlazimisha ahakikishe aliyeketi mbele yake ndiye yule wa kwenye faili. Vikilingana vyote, kazi ni ya dakika chache. Kisipolingana kimoja, anatafuta karatasi inayoeleza kwa nini hakilingani, na kama huna, hapo ndipo unaporudishwa. Kwa hiyo usijiandae kwa kubeba kila karatasi uliyo nayo duniani. Kaa nyumbani, ujilinganishe wewe wa leo na wewe wa kwenye faili, kitu kimoja kimoja.

Tuanze na kitambulisho. Watu wengi wana hofu kwamba wakibadilisha kipande, benki haitawatambua. Namba ya kitambulisho chako haibadiliki ukipewa kingine baada ya kupoteza. Inayobadilika ni ile namba ya mfululizo ya kadi yenyewe. Kwa hiyo kipande kipya si tatizo. Tatizo ni kutokuwa nacho. Abstrakti ya polisi inaonyesha kwamba umeripoti kupoteza, lakini haina sura yako wala alama za vidole, na ile karatasi unayopewa ukisubiri kitambulisho kipya benki nyingi hazitaki kufanyia nayo kazi ya akaunti iliyolala. Kama kipande chako kimepotea, mlango wa kwanza ni Huduma Center, pale Posta, Digo Road, si benki. Dada yetu ana bahati: ana kipande chake, na ana pasipoti iliyo hai. Atabeba vyote viwili, vyenyewe, si fotokopi tu. Fotokopi pia abebe, ya mbele na nyuma ya kitambulisho, kwa sababu mashine ya benki ikiwa imeharibika siku hiyo atatolewa nje kwenda kutafuta.

Jina ndilo linalotusumbua zaidi sisi watu wa pwani. Mmoja anaandikwa Khadija, mahali pengine Hadija. Said anakuwa Saidi, Mohamed anaongezewa m ya pili, Mwanaisha anakatwa akawa Mwana Aisha. Dada yetu akitoa ile kadi ya zamani ya benki ataona jina lake la pili limeandikwa tofauti na kwenye kitambulisho. Hapa inabidi atulie aulize swali moja: nani aliyebadilika, faili au kitambulisho?

Kama kitambulisho chake ni kilekile na herufi ilikosewa na aliyeandika siku ya kufungua, hana haja ya kwenda kwa wakili. Siku ile benki ilibaki na nakala ya kitambulisho chake, na nakala hiyo imo kwenye faili. Amwambie mhudumu kwa upole, "Naomba mtazame nakala ya kitambulisho niliyoacha nilipofungua, mrekebishe herufi hii." Lakini kama kitambulisho chenyewe kilirekebishwa baada ya akaunti kufunguliwa, basi benki ina jina moja na serikali ina lingine, na lazima kuwe na karatasi ya kuyaunganisha. Kwa tofauti ya herufi au mpangilio wa majina, karatasi hiyo huwa ni hati ya kiapo, inayosema kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, imeapishwa mbele ya kamishna wa viapo. Mawakili wengi wa mjini hufanya kazi hiyo. Kama jina limebadilika kabisa, mtu ameacha moja akachukua lingine, kiapo hakitoshi. Hiyo inataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Watu wengi hulipia kiapo pale ambapo hakikuhitajika, na wengine huenda na kiapo pale ambapo hakitoshi. Ndiyo maana swali la nani aliyebadilika lije kwanza.

Simu sasa. Laini ya Kenya isiyotumika kwa miezi kadhaa, kampuni huichukua na kumuuzia mtu mwingine. Laini ya dada yetu ya 2015 huenda leo iko mfukoni mwa mtu wa Kitale, na jumbe za benki zinakwenda kwake. Hilo si la kucheka. Kubadilisha namba ya simu ni kazi ambayo benki huifanya kwa tahadhari kubwa, kwa sababu anayeshika namba anaweza kushika na pesa. Kwa hiyo laini mpya anayokwenda nayo iwe imesajiliwa kwa jina lake na kwa kitambulisho hichohicho. Dada wengi waliorudi hutumia laini ya mama au ya kaka. Ukienda nayo hiyo, utarudishwa, na ni haki urudishwe. Asajili laini yake siku moja kabla, na siku ya benki simu iwe na chaji, maana kuna ujumbe wa kuthibitisha utaingia papo hapo.

Saini ni jambo watu hulisahau mpaka kalamu iko mkononi. Mwaka 2015 dada yetu alikuwa akiandika jina lake zima kwa herufi za shule. Leo anapiga mkunjo mmoja na mstari. Saini ya siku ya kwanza imehifadhiwa, na mhudumu ataiweka kando ya hii ya leo. Afanye hivi: atafute karatasi yoyote ya miaka ile aliyotia saini, kama pasipoti ya zamani, stakabadhi ya kuwekea pesa au mkataba wa nyumba, aikumbuke. Akiweza kuipiga tena ileile, vizuri. Asipoweza, asijaribu mara tano mbele ya mhudumu, kwa sababu kila jaribio linalokosea linaongeza shaka. Aseme mapema, "Saini yangu imebadilika, naomba fomu ya kuweka mpya." Hapo atathibitishwa kwa njia nyingine: sura, kitambulisho, pengine kidole, na maswali ambayo mwenye akaunti pekee ndiye anayeyajua. Ataulizwa akaunti ilifunguliwa lini na tawi gani, mara ya mwisho aliweka au alitoa kiasi gani, na alimwandika nani kuwa jamaa wa karibu. Majibu hayo ayatafute nyumbani, kwenye jumbe za zamani na karatasi za zamani, asingoje kuyakumbuka akiwa na joto la foleni kichwani.

Kuna pia anwani. Benki nyingi huomba kitu cha kuonyesha unakaa wapi, na mara nyingi hutaja bili ya umeme au maji. Sasa, mtu anayekodi chumba Majengo, mita iko kwa jina la mwenye nyumba na umeme unanunuliwa kwa tokeni. Bili ataitoa wapi? Hili ni swali la kuuliza kwa simu kabla ya kutoka: je, mnakubali barua ya chifu, au mkataba wa kupanga? Barua ya chifu nayo ina safari yake, kwa hiyo usiifuate kabla ya kuambiwa inahitajika.

Na cheti cha PIN ya KRA. Akaunti ya 2015 inaweza kuwa ilifunguliwa bila cheti hicho kuwekwa kwenye faili, na sasa faili linapofunguliwa upya watakidai. Kinatolewa kwenye tovuti ya iTax kwa dakika chache kama unakumbuka neno lako la siri. Kama hulikumbuki, na barua pepe uliyosajili nayo imekufa, hapo kuna kazi ya siku nyingine nzima. Ijaribu wiki moja kabla.

Nimetaja simu ya kuuliza. Piga namba iliyo nyuma ya kadi yako au iliyo kwenye tovuti rasmi ya benki. Usipige namba uliyotumiwa na mtu, na ukipigiwa wewe na mtu anayejiita wa benki akataka namba yako ya siri, kata. Lakini ujue jambo moja: dada yetu anapiga kwa laini ambayo benki haiijui, kwa hiyo hawatamwambia chochote juu ya akaunti yake, na hawapaswi kumwambia. Asikasirike. Asiulize juu ya akaunti, aulize juu ya kazi: "Mteja ambaye akaunti imelala tangu 2021, simu na saini zimebadilika, aje na nini? Lazima aende tawi alilofungulia, au tawi lolote? Kuna miadi ya kuweka? Kadi mpya hutolewa papo hapo au huagizwa?" Swali la tawi ni zito kuliko linavyosikika. Matawi yamehama, mengine yameunganishwa, na kadi ya saini ya zamani inaweza kuwa kwenye kabati la tawi moja tu. Mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa akaketi kwenye dawati lisilo lake. Aandike jina la aliyemjibu na saa. Hapo akifika, akiambiwa jambo tofauti, ana pa kuanzia mazungumzo.

Sasa siku na saa. Kuamsha akaunti hakufanywi na mtu mmoja. Mhudumu anaandika mabadiliko, na ofisa mwingine mwenye mamlaka anayapitisha. Mara nyingine huyo wa pili hayuko hata Mombasa, yuko ofisi kuu Nairobi akitazama kwenye kompyuta. Hii ndiyo sababu mtu anayefika saa tisa alasiri akiwa na karatasi zote anaambiwa arudi kesho. Karatasi zake ni sawa, ila wa kupitisha amekwisha kufunga. Kwa hiyo aende asubuhi, milango inapofunguliwa, siku ya katikati ya wiki. Aepuke mwisho wa mwezi na siku za kwanza za mwezi, wakati wa mishahara. Ijumaa hapa kwetu inakatika katikati kwa sala, na Jumamosi ni nusu siku. Nisingezitumia hizo kwa kazi ya namna hii. Kama benki ina miadi, achukue ya kwanza ya asubuhi.

Akifika, mlangoni ataulizwa shida yake ili apewe foleni. Asiseme "nataka kutoa pesa," atapelekwa kwa keshia, apange mstari nusu saa, kisha aambiwe aende huduma kwa wateja. Na akiketi kwenye dawati ataje mambo yote matatu kwa mara moja: simu, kuamsha, kadi. Mpangilio wake una maana. Namba ya simu ikibadilishwa baada ya kadi kuombwa, ujumbe wa kadi unaweza kwenda kwa yule mtu wa Kitale. Simu kwanza, kisha kuamsha, kisha kadi. Abebe pia pesa kidogo taslimu, shilingi mia mbili tatu, kwa sababu benki nyingi hutaka mwenyewe aweke au atoe kitu ili akaunti isomeke kuwa hai.

Asinyanyuke kitini kwa sababu ameambiwa "tayari." Tayari ya mhudumu wakati mwingine ina maana kwamba yeye amemaliza upande wake, na wa kupitisha bado. Aweke ile pesa kidogo, kisha angoje ujumbe wa benki uingie kwenye laini yake mpya. Ukiingia, mambo mawili yamethibitika kwa pamoja, kwamba akaunti inapokea na kwamba namba ni sahihi. Usipoingia kwa robo saa, arudi kwenye dawati akiwa bado ndani ya jengo. Kama kadi ni ya kuagizwa, achague tawi la kuichukulia lililo karibu na anapolala, si lazima hapa mjini, na aondoke na namba ya ombi.

Na mambo yanaweza kukwama hata kwa aliyejiandaa, kwa sababu mtandao hukatika na maofisa huugua. Hapo aulize ni kipi kilichobaki, kiko kwa nani, na je, kitaweza kumalizika bila yeye kuwepo? Mara nyingi kilichobaki ni kupitishwa tu, na mtu huyo hana haja ya kuvuka feri tena. Anahitaji namba ya simu ya tawi na jina la wa kumuulizia.

Nimalizie na onyo kwa wale ambao hali yao si ya dada huyu. Kama akaunti ni ya mume au mzazi aliyefariki, haya niliyoyasema hayakuhusu, na usiende na kadi yake kwenye mashine hata kama unajua namba ya siri. Hiyo inaanzia kwenye cheti cha kifo na mahakama, kwa Waislamu inaweza kuwa Mahakama ya Kadhi, na benki haitaamsha kitu mpaka uwe na hati ya usimamizi wa mirathi mkononi.